Sokoni Kwanza, Jana Baadaye

"Shangazi alikwenda sokoni jana." Sentensi hii haimshangazi mtu yeyote, awe wa Tanga, wa Nakuru au wa Unguja. Ukigeuza maneno mawili ya mwisho useme "Shangazi alikwenda jana sokoni," utaeleweka, lakini msikilizaji atahisi kuna jambo limesogezwa. Labda atadhani unabishana na mtu aliyesema shangazi alikwenda juzi. Labda atadhani ulitaka kunyamaza baada ya "jana," kisha ukakumbuka kutaja mahali.

Darasani mwanafunzi hufundishwa kuvitambua vielezi: hiki cha mahali, hiki cha wakati, hiki cha namna, hiki cha idadi. Kipi kitangulie vinapokutana mwishoni mwa sentensi ni jambo ambalo watoto hulijua tangu nyumbani kabla hawajashika kalamu. Ndiyo maana wengi wanaolifuata hawawezi kulieleza, na wakiulizwa husema tu kwamba "ndivyo tunavyosema."

Sababu yenyewe imo ndani ya kitenzi. Mtu akisema "Shangazi alikwenda jana" na kunyamaza, swali la kwanza atakaloulizwa ni "Wapi?" Akisema "Shangazi alikwenda sokoni," habari imetimia, anayetaka kujua lini atauliza, asiyetaka ataendelea na mambo yake. Vitenzi kama kwenda, kufika, kurudi, kuhamia na kuingia vinadai mahali ili maana yake ikamilike. Wakati ni nyongeza. Kinachodaiwa na kitenzi hukaa karibu nacho, na nyongeza hufuata nyuma.

Ukaribu huo unaweza kupimwa. Chukua sentensi hii: "Asha alikwenda sokoni leo, na Juma alifanya hivyo jana." Neno "hivyo" limebeba nini? Limebeba "kwenda sokoni," vyote viwili kwa pamoja, na "leo" limebaki nje. Sasa jaribu kinyume chake: "Asha alikwenda sokoni leo, na Juma alifanya hivyo shambani." Sentensi imeharibika, kwa sababu "hivyo" imekataa kuliacha soko nyuma. Kwenda na sokoni ni kifurushi kimoja.

Ushahidi mwingine unatoka katika maswali. Watu wa pwani hulikata neno "wapi" na kulibandika kwenye kitenzi: "Waendapi?" "Wakaapi?" Hakuna anayebandika "lini" kwa namna hiyo. Hata kwa wasiosema hivyo, "Unakwenda wapi kesho?" ni swali la kila siku, ilhali "Unakwenda kesho wapi?" linasikika kama la mgeni. "Lini" lina uhuru zaidi: mtu anaweza kusema "Unakwenda lini Mombasa?" au "Unakwenda Mombasa lini?" na hakuna atakayemkosoa.

Kiswahili kinakwenda mbali zaidi ya hapo: kinaliruhusu soko kuwa mwenye sentensi. Mvua ikinyesha na matope yakajaa, watu husema "Sokoni hakuendeki leo." Nyumba ikiwa na ugomvi, husemwa "Nyumbani hakukaliki." Ile ku- iliyo ndani ya kitenzi imepatanishwa na mahali, kama vile kitenzi kinavyopatanishwa na mtu au kitu. Neno "jana" halipewi nafasi hiyo na kitenzi cha kwenda. Hakuna mtu atakayesema jana haiendeki.

Si kila lugha inafanya hivi. Kiingereza kinafanana na Kiswahili kwa jambo hili, kwa kuwa hutaja mahali kisha wakati. Kijerumani kwa kawaida hutanguliza wakati na kuacha mahali pafuate. Mjerumani anayejifunza Kiswahili na kutafsiri neno kwa neno ataishia kwenye "Nitakwenda kesho sokoni," na huenda asijue kwa nini watu wanamwelewa lakini hawasemi kama yeye.

Mpaka hapa ingeonekana kanuni ni moja na imekwisha: mahali kwanza, wakati baadaye. Lakini fungua gazeti lolote la Kiswahili la Tanzania. Humo utakutana na mtindo ambao wasomaji wameuzoea kiasi cha kutouona: "Waziri aliyasema hayo jana jijini Dodoma alipokuwa akifungua mkutano wa wakuu wa wilaya." Wakati umetangulia, mahali pamefuata, na hakuna anayekunja uso. Je, waandishi wa habari wanakosea kila siku?

Hawakosei. Kitenzi hapo ni "kusema," nacho hakidai mahali. Mtu akisema "Waziri aliyasema hayo" na kuweka nukta, hakuna aliyebaki akiuliza wapi kwa nguvu ile ya "alikwenda." Kwa kuwa mahali na wakati vyote ni nyongeza, hakuna chenye haki ya kukalia kiti cha mbele. Kinachoamua sasa ni urefu, na pia kile kinachofuata. "Jana" ni silabi mbili. "Jijini Dodoma alipokuwa akifungua mkutano wa wakuu wa wilaya" ni mkia mrefu, na mahali pale pamefungamana na mkutano uliofanyika hapo. Neno fupi likitupwa mwishoni mwa mkia huo, msomaji atakuwa ameshasahau linaelezea nini.

Urefu una nguvu ya kuvunja hata kile kifurushi cha kwenda na mahali. "Shangazi alikwenda jana kwenye soko jipya lililojengwa nyuma ya stendi ya mabasi" ni sentensi nzuri, kuliko kumlazimisha msomaji apite soko, ujenzi na stendi ndipo akutane na "jana." Tena akikutana nayo huko, atajiuliza kama soko ndilo lililojengwa jana.

Hapo ndipo hasara huanza, na inafaa kuifuata kwa mfano mmoja. Tuseme mwandishi wa habari ameleta sentensi hii: "Polisi walimkamata kijana aliyeiba ng'ombe wawili kijijini jana usiku." Kisarufi haina kasoro. Lakini ni nini kilichotokea jana usiku? Sentensi ina vitenzi viwili, "walimkamata" na "aliyeiba," na maneno "kijijini" na "jana usiku" yanaweza kumwendea yeyote kati yao. Huenda wizi ulifanyika kijijini jana usiku na kijana akakamatwa leo alfajiri mjini. Huenda aliiba wiki iliyopita mahali pengine, akakamatwa kijijini jana usiku. Huenda aliiba kijijini siku nyingi zilizopita, na kukamatwa ndiko kulikotokea jana.

Msomaji hasimami kuzihesabu njia hizo. Huchukua kitenzi kilicho karibu zaidi, yaani "aliyeiba," na kukikabidhi kila kitu kilichobaki. Kama mwandishi alikusudia ukamataji, basi tayari amesomeka vibaya, naye hana habari, kwa sababu kichwani mwake yeye maana ilikuwa moja tu.

Dawa ni kusogeza maneno, si kuongeza maelezo. Ikiwa ukamataji ndio wa jana usiku na mahali ni kijijini, mwandishi anaweza kusema: "Jana usiku polisi walimkamata kijijini kijana aliyeiba ng'ombe wawili." Wakati umeshika mwanzo wa sentensi, mahali pamebanwa na kitenzi chake, na kijana pamoja na ng'ombe wake wamebaki mwishoni bila kumkanganya mtu. Kile kiambishi -m- katika "walimkamata" kinasaidia hapa, maana kimeshamdokezea msomaji kwamba kuna mtu anakuja, hivyo akicheleweshwa kidogo hakuna tabu. Ikiwa ni wizi uliofanyika jana usiku, basi: "Leo alfajiri polisi walimkamata kijana aliyeiba ng'ombe wawili jana usiku." Kila kitenzi kimepewa wakati wake.

Mara nyingine njeo za vitenzi huokoa jahazi. "Waziri alisema barabara itajengwa jana" haiwezi kusomwa kwa uzito, kwa kuwa "itajengwa" na "jana" havipatani. Msomaji atacheka kidogo kisha airekebishe mwenyewe. Hatari iko pale vitenzi vyote viwili vikiwa vya wakati uliopita: "Msemaji alisema lori lilipinduka Chalinze jana." Hakuna kinachogongana, kwa hiyo hakuna kinachomshtua mhariri. Alama ya mkato ingeweza kusaidia kwenye karatasi, lakini habari hiyo ikisomwa redioni mkato hausikiki kila mara.

Kuna pia suala la mahali na wakati vinapokuja kwa mafungu. Mahali huanza na padogo kuelekea pakubwa: "kijijini Mtae, wilayani Lushoto, mkoani Tanga." Wakati wa kila siku huenda kinyume: kwanza siku, kisha sehemu ya siku, kama katika "kesho asubuhi" na "jana usiku", "asubuhi kesho" si kawaida. Saa ikiingia hapo kati, hupenda kutangulia sehemu ya siku inayoieleza, ndiyo maana watu husema "kesho saa mbili asubuhi." Saa mbili peke yake inaweza kuwa ya asubuhi au ya usiku, hivyo haitaki kuachana na neno linaloifafanua. Tarehe nazo hufuata njia ya mahali, siku kabla ya mwezi na mwezi kabla ya mwaka, kama 9 Desemba 1961.

Wasimulizi wa hadithi, kwa upande wao, huukwepa mgogoro wote wa mwishoni. Huanza na wakati: "Siku moja," "Jana jioni," "Mwaka ule wa njaa." Wakati ukiwekwa mbele unakuwa mlango ambao sentensi nzima, na mara nyingi aya nzima, hupitia, na mahali hubaki peke yake karibu na kitenzi. Kupeleka mahali mbele ni jambo jingine. "Sokoni alikwenda jana" inaonyesha kwamba kuna kwingine panapozungumziwa: sokoni alikwenda jana, lakini hospitali bado. Mwandishi asiye na ulinganisho wa namna hiyo akianza na "sokoni," msomaji atasubiri nusu ya pili ambayo haiji.

Kwa hiyo anayeandika barua ya ofisi, taarifa ya kijiji au habari ya gazeti, na ana vitenzi viwili ndani ya sentensi moja, auchukue wakati aupeleke mwanzoni, kisha asome tena aone kama kila mahali palipotajwa pamekaa karibu na kitenzi chake. Ikiwa bado pana utata, aigawe sentensi hiyo iwe mbili.