Ripoti Isigombanie Mlango na Karani

Tarehe mosi, saa nne asubuhi. Mhasibu anafungua ripoti ya mauzo ya miaka mitatu kwenye mfumo wa ERP, na kule stoo karani anangoja ankara moja ikubali kuhifadhiwa. Wanagombania hifadhidata ileile: mmoja anasoma mamilioni ya mistari, mwingine anaandika michache tu.

Dawa yake ni ghala la data, yaani nakala iliyopangwa kwa ajili ya kusomwa. Hujazwa usiku, tuseme saa nane, shughuli zikiwa zimetulia, na huchotwa mistari iliyobadilika tu tangu mara ya mwisho. Hapo ndipo wengi huteleza. Ukichuja kwa tarehe ya ankara, ile ya tarehe 28 iliyoingizwa tarehe 2 haitafika ghalani kamwe. Chuja kwa wakati mstari ulipobadilishwa. Mstari uliofutwa nao hauachi alama, kwa hiyo linganisha idadi na jumla za pande zote mbili hadi saa ya kuchota.

Anayetaka kujua mifuko ya saruji iliyobaki sasa hivi aulize ERP yenyewe. Ghala linajua ya jana.