Jibu la Mashine kwa Ujumbe Usio na Maelezo

Kila ofisi inayopokea shida za wateja kwa SMS hupata meseji zisizosema kitu: nukta peke yake, alama ya kuuliza, "Mambo", au ukurasa mtupu uliotumwa na simu iliyobonyezwa mfukoni. Mashine inayopokea meseji hizo haiwezi kuzipeleka kwa fundi wala kwa mhasibu, kwa kuwa haijui shida ni nini. Kunyamaza nako si jibu, maana mtumaji hubaki akisubiri. Hapo ndipo linapohitajika jibu la kiotomatiki litakalomsaidia mtumaji kusema anachotaka. Mfano mzuri ni namba fupi ya mamlaka ya maji ya mji, ambako wateja huuliza bili, huripoti mabomba yaliyopasuka na hulalamikia mgao.

Kazi ya kwanza ni kuamua ujumbe upi kweli hauna kitu. Urefu si kipimo. "Maji" ni neno moja, lakini linaonyesha mteja anauliza nini, na tarakimu tupu huenda zikawa namba ya mita. Njia ya kawaida ni kuondoa kwanza nafasi, vituo na vikatuni, kisha kutazama kilichobaki. Kama hakijabaki kitu, ujumbe ni mtupu. Kama kimebaki neno lililomo katika orodha ya salamu, kama vile "habari", "mambo", "vipi", "shikamoo" au "asalaam alaikum", hiyo ni salamu tupu. Kingine chochote kipelekwe kwa mhudumu asome mwenyewe.

Salamu inahitaji uangalifu wa pekee. Watu wengi hawaanzi na shida. Hubisha hodi kwanza, wakaitikiwa, ndipo waeleze. Aliyetuma "Habari za kazi" hajakosea lolote, bali anasubiri zamu yake ya kusema. Akijibiwa "Ujumbe wako si sahihi", atajiona amefukuzwa mlangoni. Kwa hiyo jibu lianze na salamu, na iwe ile inayomfaa mtu wa rika lolote. "Habari" inatosha. "Mambo" haifai, kwa sababu mashine haijui kama inazungumza na kijana au na bibi wa miaka sabini.

Kabla ya kutuma chochote, mfumo utazame mazungumzo yaliyotangulia. Mteja aliyeripoti bomba jana na leo akatuma "??" hajatuma ujumbe mtupu, anauliza mbona hajaona fundi. Huyo aelezwe taarifa yake imefikia wapi, na kama mfumo haujui, apelekwe kwa mhudumu. Kadhalika "asante" au "sawa" baada ya shida kutatuliwa ni kuagana. Mtu anayeaga akipewa orodha ya huduma, ataona wazi kwamba hakuna anayemsikiliza.

Baada ya hapo huja maneno yenyewe. Ofisi nyingi huanza na rasimu ya namna hii: "Tumepokea ujumbe wako. Tafadhali tuma tena kwa usahihi." Ina kasoro mbili. Simu huonyesha juu ya skrini maneno machache tu ya mwanzo, na anayesoma "Tumepokea ujumbe wako" huweka simu chini akiamini fundi yuko njiani. Pili, "kwa usahihi" inamlaumu mtumaji bila kumwonyesha usahihi wenyewe ukoje. Rasimu iliyo bora ni hii:

"Habari. Ujumbe wako umefika bila maelezo. Jibu kwa namba: 1 Bili 2 Maji hayatoki 3 Bomba limepasuka 4 Mita imeng'oka 5 Kuongea na mhudumu"

Sentensi ya pili inasema ukweli pasipo kumtuhumu mtu: ujumbe umefika, maelezo hayakufika. Inayofuata inataka kitendo kimoja chepesi, kubonyeza tarakimu, ambacho hata mwenye simu ya vitufe anakimudu. Machaguo yanatumia maneno ya wateja wenyewe. Mtu husema "maji hayatoki", hasemi "hitilafu ya usambazaji". Chaguo la mwisho linamhudumia yule ambaye shida yake haimo katika orodha. Hakuna ahadi ya "utajibiwa hivi punde", kwa kuwa jibu hilo litatoka pia saa nane za usiku, wakati ofisi imefungwa.

Ukihesabu herufi, nafasi na alama za rasimu hiyo utapata 137. Hesabu hiyo ina maana kubwa. SMS moja hubeba baiti 140, ambazo kwa herufi za kawaida za simu hutosha herufi 160. Kiswahili chote kinaandikika kwa herufi hizo, na rasimu inaingia katika SMS moja. Hatari imejificha katika neno "imeng'oka". Ritifaa iliyonyooka (') imo katika seti ya kawaida, lakini programu nyingi za kuandikia huibadilisha zenyewe kuwa iliyopinda (’), ambayo haimo. Alama moja tu ya aina hiyo huilazimisha meseji nzima kuandikwa kwa mfumo mwingine, ambao SMS moja hubeba herufi 70, na zikiunganishwa kadhaa kila moja hubeba 67. Rasimu ileile ya herufi 137 inakuwa SMS tatu, na ofisi inalipia tatu kwa kila jibu. Kikatuni cha kutabasamu kina athari hiyohiyo. Dalili yake huonekana kwenye ankara: idadi ya SMS zilizolipiwa inazidi idadi ya majibu yaliyotumwa. Dawa ni kuandika maneno hayo katika kihariri cha maandishi matupu na kuyahesabu kabla ya kuyaweka kwenye mfumo.

Jibu pia litoke kwenye namba ileile iliyopokea ujumbe. Likitumwa kwa jina la ofisi badala ya namba, mteja anayebonyeza 3 hatafika popote, kwa sababu simu haiwezi kujibu jina. Vilevile, ikiwa kujibu kunagharimu, asiye na salio atakwama hapo; ndiyo maana baadhi ya ofisi hukubaliana na kampuni za simu kwamba ofisi ndiyo itakayolipia meseji zinazoingia.

Kuna pia hatari ya mashine mbili kujibizana. Jibu likiangukia namba nyingine inayojibu yenyewe, kila moja itaamsha nyenzake mpaka salio liishe. Kinga yake ni ukomo: namba moja isipewe jibu hili zaidi ya mara mbili kwa siku. Ujumbe mtupu wa tatu upelekwe kwa mhudumu, apige simu. Huenda aliyeko upande wa pili ni mtu asiyejua kusoma, ambaye orodha ya maandishi haitamsaidia hata ikirudiwa mara kumi.

Mafanikio ya jibu hayapimwi kwa idadi ya majibu yaliyotumwa. Kipimo ni wangapi, baada ya kulipokea, walibonyeza namba au waliandika shida yao. Wengi wakichagua 5, machaguo mengine hayagusi shida zao na yanahitaji kubadilishwa. Wengi wakinyamaza, mtu akae na meseji zilizohesabiwa kuwa tupu, azisome moja moja. Mara nyingi atakuta humo maneno yenye maana ambayo mfumo haukuyatambua, kama "mgao" au jina la mtaa, na hayo ndiyo ya kuongezwa kwenye orodha ya maneno yanayopelekwa moja kwa moja kwa wahusika.