Kampuni Ni Yako, Fedha Si Zako

Sheria ya Kampuni ya Kenya ya mwaka 2015 inamruhusu mtu mmoja kuwa mwanahisa pekee na mkurugenzi pekee wa kampuni binafsi. Hapo ndipo watahini wa sheria wanapopata swali wanalolipenda.

Mwenye kampuni ya vigae Mombasa anatoa shilingi 800,000 katika akaunti ya kampuni mwezi Machi, amalizie nyumba yake. Kampuni ina faida kubwa kuliko hizo na inalipa madeni yake. Kufikia Novemba mauzo yamekufa na msambazaji anadai milioni 6. Benki imebaki 1,500,000. Anazitoa zote na kulipa karo ya mwanawe ng'ambo. Baadaye kampuni inafilisiwa. Je, anawajibika?

Wanafunzi wengi hukimbilia kulipasua pazia la kampuni, wamfikie mwenyewe. Hakuna haja. Tangu mwaka 1896, katika kesi ya fundi viatu wa London, Aron Salomon, aliyemiliki hisa 20,001 kati ya 20,007, imetambuliwa kwamba kampuni ni mtu mwingine kabisa kisheria. Salomon alinusurika madeni kwa kanuni hiyo. Mtu wetu inambana: alichukua mali ya mwenzake, na mwenzake huyo anaweza kumdai kupitia mfilisi.

Fedha za Machi zina utetezi. Kampuni ikiwa nzima, mwanahisa pekee anaweza kuridhia alichofanya mkurugenzi, na faida ipo ya kutoa gawio. Lakini angalia vitabu. Mhasibu akiwa ameziandika kama mkopo kwa mkurugenzi, mfilisi atazidai kama deni lolote lingine.

Za Novemba hazina pa kujificha. Kampuni inapokuwa haiwezi kulipa madeni, maslahi ya wadai hutangulia, na ridhaa ya mwanahisa haifui dafu. Katika kesi ya West Mercia Safetywear, Mahakama ya Rufani ya Uingereza ilimwamuru mkurugenzi Dodd arejeshe pauni 4,000. Alikuwa amezihamisha kutoka kampuni iliyofilisika ili kupunguza deni la benki ambalo yeye mwenyewe alikuwa mdhamini wake.

Je, ni wizi pia? Atajitetea kwamba kampuni iliridhia, kwa kuwa yeye ndiye kampuni. Mahakama ya Rufani ya Uingereza ilishaukataa utetezi wa namna hiyo katika shauri la wanaume wawili waliomiliki na kuendesha kampuni zao wenyewe. Uamuzi huo hauifungi mahakama ya Kenya, ila hoja yake ni nzito. Kifungu cha 282 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinamhusu moja kwa moja mkurugenzi anayeiibia kampuni yake, na kifungo chake hufika miaka 7. Upande wa mashtaka utalazimika kuthibitisha nia ya ulaghai. Akiwa aliamini kwa dhati kwamba zilikuwa mshahara wake, anaweza kuachiliwa.

Jela ataepuka pengine. Zile 1,500,000 atazirudisha.