Sukari ya Mzee wa Kitanda Namba 6

"Mgonjwa ni mkaidi, hakufuata maelekezo, ameanguka kitandani usiku. Hana majeraha. Vipimo vizuri. Daktari ameambiwa. Anaendelea vizuri."

Mwalimu wa uuguzi akiandika maneno haya ubaoni na kuuliza yana kasoro gani, wanafunzi wengi wa mwaka wa kwanza watataja muda tu. Ni kweli, muda haupo. Lakini ukiondoa huo, noti yenyewe inasikika sawasawa, na wodini zipo nyingi zilizoandikwa hivyohivyo. Ndiyo maana inafaa kufundishia. Mgonjwa tuliyemtunga kwa ajili ya somo hili ni mzee wa miaka 62 mwenye kisukari, amelazwa kwa kidonda cha mguu, na anachomwa insulini asubuhi na jioni.

Zoezi la kwanza ni la kalamu nyekundu. Mwanafunzi anapiga mstari chini ya kila neno ambalo mwandishi hakulipata kwa jicho, sikio, mkono au kipimo. "Mkaidi" linapigwa mstari mara moja, maana hiyo ni hukumu. Kwenye "ameanguka" darasa hugawanyika. Kama muuguzi alimkuta mzee sakafuni, basi kuanguka hakukuona. Huenda mzee aliteremka mwenyewe miguu ikamlegea, huenda alipoteza fahamu kwanza. Alichokiona muuguzi ni mtu aliye sakafuni, na hicho ndicho cha kuandika. "Hana majeraha" linazaa swali jingine: umemkagua wapi? Mtu aliyeangalia uso tu na mtu aliyepapasa kichwa, nyonga na mikono wanaweza kuandika maneno hayohayo mawili. "Vipimo vizuri" ni maoni kuhusu namba ambazo msomaji hakupewa.

Sasa tukio lilelile, limeandikwa na mtu mwingine:

"02:40. Amekutwa sakafuni upande wa kulia wa kitanda namba 6, amelalia ubavu wa kulia. Hakuna mtumishi aliyeona alivyofika hapo. Macho wazi, anaitika akiitwa jina. Alipoulizwa yuko wapi amesema: 'Niko nyumbani, natafuta mlango wa jikoni.' Mikono inatetemeka, ngozi ina jasho na ni ya baridi. Mchubuko wa sm 3 kwenye kiwiko cha kulia, hauvuji damu. Kichwani hakuna jeraha wala uvimbe. Anasogeza mikono na miguu yote, amesema hana maumivu. Presha 118/74, mapigo ya moyo 112, upumuaji 20, joto 36.4. Sukari ya damu 2.6 mmol/L.

02:45. Anameza maji bila kukohoa. Amepewa vijiko vya chai 4 vya sukari katika nusu glasi ya maji, amemaliza. Amerudishwa kitandani na wauguzi wawili.

02:50. Daktari wa zamu amepigiwa simu, ameelezwa hali, vipimo na sukari aliyopewa. Ameagiza sukari ipimwe tena 03:00, na kwamba anakuja kumwona.

03:00. Sukari 4.8 mmol/L. Anajua yuko hospitali, anataja siku. Mikono haitetemeki. Amepewa uji kikombe kimoja na mkate vipande 2.

03:15. Daktari amefika na kumchunguza."

Kwenye noti halisi jina la daktari linaandikwa, na mwishoni yanafuata jina la muuguzi, cheo na saini. Mwanafunzi akiandika, muuguzi anayemsimamia naye husaini.

Waulize wanafunzi sasa: ule ukaidi umekwenda wapi? Hapo ndipo darasa hukaa kimya kidogo. Mzee hakuwa mkaidi. Sukari yake ilikuwa imeshuka hadi 2.6, na ikishuka chini ya 4 mtu mwenye kisukari huhitaji kusaidiwa mara moja, kwa sababu ubongo hauna akiba ya kutosha ya chakula chake. Kuchanganyikiwa, kutetemeka na jasho la baridi vilikuwa dalili. Aliyeandika "mkaidi" alikuwa ameshajipa jibu, na mwenye jibu hana sababu ya kuchukua glukomita. Wengi hufundisha lugha isiyo na hukumu kama suala la adabu. Mimi naona ni suala la uchunguzi kwanza.

Ukirudi nyuma saa chache kwenye faili hilohilo unaona kosa jingine dogo. Zamu ya jioni iliandika: "Insulini imetolewa. Amekula." Mzee alikula robo ya sahani ya ugali, akasukuma iliyobaki. Kama ingeandikwa "amekula robo ya sahani, amesema hana hamu", muuguzi wa usiku angekuwa na sababu ya kumpima sukari kabla mzee hajaanza kutafuta jiko lake. Neno "amekula" si uongo, ila halimsaidii anayepokea zamu.

Upande wa sheria, wanafunzi hukaririshwa kwamba kisichoandikwa hakikufanyika. Msemo huo umezidi kidogo. Mahakama inaweza kumsikiliza muuguzi akieleza alichofanya. Tatizo ni muda: Tanzania na Kenya, dai la uzembe linaweza kufunguliwa ndani ya miaka 3, na kesi yenyewe ikasikilizwa baadaye zaidi. Nani atakumbuka mapigo ya moyo ya usiku mmoja? Kwa hiyo zoezi la pili linafanywa wawiliwawili. Mmoja ameandika noti, mwenzake ni wakili wa familia. Wakili anauliza, na mwandishi haruhusiwi kujibu kitu kisichomo kwenye karatasi. Nani alimpigia daktari, saa ngapi, akajibiwa nini? Mwenye "daktari ameambiwa" huishiwa maneno mapema. Anayeandika "saa 8:40" huulizwa kama ni usiku au mchana, ndiyo maana wodini tunatumia saa 24.

Wakili mwerevu atauliza pia kuhusu reli ya kitanda. Noti yetu nzuri haikuitaja, na nimeiacha hivyo makusudi. Tuseme reli ya kulia ilikuwa chini. Mwanafunzi mwoga atataka kunyamaza, au kuandika sababu: wauguzi wawili, wagonjwa 40. Uhaba huo ni wa kweli na unastahili kuandikwa, lakini kwenye ripoti ya zamu na fomu ya tukio. Faili la mgonjwa linabeba habari za mgonjwa. Reli inaingia humo kama ilivyoonekana, bila lawama wala utetezi.

Na kama imekumbukwa saa 06:30, zamu inakaribia kuisha? Haichomekwi kati ya mistari ya 02:40, na karatasi hairudiwi upya. Inaandikwa chini ya ingizo la mwisho: "06:30. Nyongeza ya tukio la 02:40. Mgonjwa alipokutwa, reli ya kushoto ilikuwa juu, ya kulia ilikuwa chini. Zote mbili ziliinuliwa saa 02:45." Kisha jina na saini. Akikosea namba humo, anaikata kwa mstari mmoja ili iendelee kusomeka, anaandika iliyo sahihi pembeni na kuweka saini fupi na saa. Wino mweupe wa kufutia haugusi faili, kwa sababu kila anayeliona doa lake hujiuliza chini yake pana nini.