Mweka Hazina Hakuiba, Hesabu Yenu Ndiyo Mbovu

Swali la wastani wa faida nimeulizwa mara nyingi mno hapa Thongpiny, Juba, na safari hii nusura livunje chama. Walinijia watu wanne, wafanyabiashara wa vipuri waliokuwa wakichanga pamoja. Mweka hazina wao aliketi pembeni, kimya, daftari likiwa mapajani. Mmoja akaniwekea karatasi mezani: mwaka wa kwanza faida asilimia 40, wa pili hasara asilimia 30, wa tatu faida asilimia 20. Chini yake, kwa kalamu nyekundu, wameandika jumla 30, wakagawanya kwa 3, wakapata 10.

"Bwana mhasibu," akasema, "tulianza na dola 10,000. Asilimia 10 kila mwaka, miaka mitatu, tungekuwa na 13,000 na zaidi. Huyu anatuonyesha 11,760. Zilizobaki ziko wapi?"

Haziko popote, kwa sababu hazikuwahi kuwepo. Nilifungua daftari la mweka hazina nikalifuata mstari kwa mstari. Dola 10,000 zikaongezeka kwa asilimia 40, zikawa 14,000. Hizo 14,000 zikapoteza asilimia 30, yaani dola 4,200, zikabaki 9,800. Asilimia 20 ya 9,800 ni 1,960, na ukijumlisha unapata 11,760. Daftari halina kasoro hata ya dola moja. Kasoro iko kwenye ile kalamu nyekundu.

Imani inayowaponza watu ni hii: mwaka mzuri na mwaka mbaya hufutana, kinachosalia ndicho faida. Si kweli, na nimechoka kuisikia ikitamkwa na watu wazima wanaojua kupiga hesabu ya mzigo kutoka Nimule hadi Juba bila kukosea. Asilimia si kiasi cha fedha. Asilimia ni sehemu ya kile ulichonacho siku hiyo. Ile 40 ya mwaka wa kwanza ilihesabiwa juu ya 10,000, na ile 30 ya mwaka wa pili ikahesabiwa juu ya 14,000. Ukizijumlisha, unajumlisha vipande vya mikate miwili isiyolingana ukubwa.

Wengine hujitetea kwamba tatizo ni mpangilio tu: hasara ingetangulia, mambo yangekuwa mengine. Jaribuni. Dola 10,000 zinapoteza asilimia 30, zinabaki 7,000. Zinapata asilimia 40, zinakuwa 9,800. Ni zilezile. Akiba inayoachwa ndani huzidishwa mwaka hadi mwaka, na kuzidisha hakujali kipi kimetangulia.

Halafu kuna wale wanaotoa dawa ya subira: vumilieni, miaka ikiwa mingi wastani utajirekebisha. Hii ndiyo hatari kuliko zote. Chukua mwaka wa faida 40 na mwaka wa hasara 30, urudie jozi hiyo mara kumi. Wastani wa kawaida ni faida ya asilimia 5 kwa mwaka, na mwenye kuuamini atangoja dola zake 10,000 zizidi 26,000 baada ya miaka 20. Ukweli ni kwamba kila jozi inakuachia asilimia 98 ya ulichokuwa nacho. Baada ya jozi kumi umebaki na dola 8,170 hivi. Subira haikuziba pengo, imelipanua.

Anayedhani huu ni mchezo wa karatasi atazame Soko la Hisa la Nairobi, ambako wengi wetu tunaofanya kazi Juba tumeweka akiba. Fahirisi ya hisa 20 ilifunga mwaka 2009 ikiwa kama 3,247. Mwaka 2010 ikapanda hadi 4,433, faida ya asilimia 36.5. Mwaka 2011 ikaporomoka hadi 3,205, hasara ya asilimia 27.7. Jumlisha, gawanya kwa mbili: wastani ni faida ya asilimia 4.4 kwa mwaka. Sasa tazama namba mbili za mwanzo na mwisho, 3,247 na 3,205. Ukiacha gawio, mwenye hisa hizo amepungukiwa. Wastani unaosema ukweli ni hasara ya asilimia 0.65 hivi kwa mwaka.

Huo ndio wastani wa kijiometri: kiwango kimoja kisichobadilika ambacho, kikitumika kila mwaka, kingekufikisha palepale ulipofikia. Kwa chama kile ni asilimia 5.6, si 10. Wastani huu hauzidi ule wa kawaida hata siku moja, na hulingana nao pale tu kila mwaka unapoleta faida ileile. Kinachoutenganisha nao ni kuyumba. Pengo ni takriban nusu ya mraba wa kiwango ambacho miaka huyumba kutoka kwenye wastani, kwa hiyo ukipunguza kuyumba kwa nusu, pengo hushuka hadi kama robo. Badala ya faida 40 na hasara 30, pata faida 22.5 na hasara 12.5. Wastani wa kawaida ni uleule 5, lakini wa kijiometri unatoka hasara ya asilimia 1 hadi faida ya asilimia 3.5.

Na hasara kubwa ndiyo muuaji. Juba tunalijua hili. Desemba 2015 pauni ya Sudan Kusini ilipoachwa ielee, bei rasmi ya dola ilitoka 2.96 hadi pauni 18.5 hivi. Aliyekuwa na akiba ya pauni alipoteza asilimia 84 ya thamani yake kwa dola. Ili arudi alipokuwa hakuhitaji faida ya 84. Alihitaji kama asilimia 525.

Sasa cha kufanya, kwa ufupi. Faida ya 40 iandike 1.40, hasara ya 30 iandike 0.70, ya 20 iwe 1.20. Zidisha zote, tafuta kipeuo cha idadi ya miaka, kisha toa 1. Kama mtaji haukuongezwa wala kupunguzwa njiani, kwenye Excel chukua cha mwisho ugawanye kwa cha mwanzo:

```
=(11760/10000)^(1/3)-1
```

Ukipenda `GEOMEAN`, iwekee 1.40, 0.70 na 1.20, kisha toa 1. Ukiiwekea asilimia zenyewe pamoja na hasara, itakujibu `#NUM!`. Kama mnachanga kila mwezi, hesabu hii haitoshi, kwa kuwa fedha iliyoingia juzi haikupitia mwaka mbaya wa zamani, na kila mchango ufuatwe na tarehe yake. Kama kila mwaka mnatoa faida na kufidia hasara ili mtaji ubaki 10,000 uleule, wastani wa kawaida ni halali kabisa. Unafaa pia kukadiria mwaka mmoja ujao. Na muuzaji yeyote akikuonyesha "wastani wa faida", mwombe kitu kimoja: shilingi 100 za siku ya kwanza zilikuwa ngapi siku ya mwisho? Akikosa jibu, ondoka.

Wale wanne niliwaambia haya yote, kisha nikawaambia lililobaki. Mwombeni radhi huyu aliyekaa pembeni. Amewatunzia 11,760 zenu zote.