Kimeng'enya Kinapofanya Kazi Nusunusu

Katika ripoti nyingi za maabara, sehemu ya majadiliano humalizwa na sentensi moja: "Matokeo yalikuwa chini kutokana na makosa ya kibinadamu." Msomaji hapati chochote hapo. Na mara nyingi takwimu zilizo ukurasa wa nyuma tu zinaweza kumtaja mkosaji.

Chukua jaribio la alkalini fosfatezi, kimeng'enya kinachong'oa fosfeti kutoka kwenye dutu nyingine. Wanafunzi hukipa dutu isiyo na rangi. Kikishang'oa fosfeti, kinachobaki hugeuka manjano, na spektrofotomita husoma manjano hiyo kwenye nanomita 405. Tuseme kasi ya juu kabisa, yaani Vmax, ilitarajiwa kuwa 20, wakapata 8. Lakini Km, kiasi cha dutu kinachotosha kuifikisha kasi kwenye nusu ya Vmax, haikubadilika.

Hiyo Km iliyotulia inasema mengi. Mshukiwa wa kwanza huwa ni fosfeti yenyewe, labda kwa sababu mtu ametumia bafa ya fosfeti. Fosfeti hugombea nafasi ileile ambayo dutu hukaa kwenye kimeng'enya, kwa hiyo dutu ikiongezwa sana huishinda. Ingekuwa ndiyo chanzo, Km ingepanda na Vmax ingebaki palepale. Hapa imekuwa kinyume, basi tumwachilie.

Wanabaki wawili. Huenda manjano ndiyo pungufu, si kazi. Zao lile huwa la manjano likiwa kwenye alkali tu. Kwenye pH ya 7 hivi, karibu nusu yake haina rangi. Njia ya kujua ni rahisi: mwishoni, tia sodiamu haidroksaidi kidogo kwenye mirija. Manjano ikikolea ghafla, kimeng'enya kilifanya kazi kuliko ilivyosomwa.

Isipokolea, yaelekea kimeng'enya kilicho hai ni kichache. Fosfatezi hii hutegemea zinki na magnesi, na EDTA iliyosalia kwenye bafa huzipokonya. Pia, kimeng'enya kikizimuliwa mno kwa maji matupu, sehemu yake hunata kwenye kuta za mirija. Ndiyo maana wazoefu huongeza protini nyingine, kama albumini, inate badala yake.

Kuzitofautisha hizo mbili, weka kimeng'enya kipya, kilichozimuliwa kwa albumini, ndani ya bafa ileile. Nacho kikilegea, ubaya umo kwenye bafa. Jaribu kuongeza zinki na magnesi uone kama kasi itarudi. Kikifanya kazi vizuri, rudi kwenye namna kile cha kwanza kilivyozimuliwa na kuhifadhiwa. Jaribio hilo moja huchukua dakika chache, na aya itakayoandikwa baada yake itakuwa na la kusema.