Menyu ya kubofya katika wasilisho la slaidi

Wasilisho la kawaida la PowerPoint husonga mbele kwa mstari mmoja, slaidi ya kwanza hadi ya mwisho. Wasilisho lenye menyu humruhusu mtumiaji kuingia mada aitakayo, kisha kurudi. Tuseme mwalimu wa baiolojia ana slaidi kumi: ya 1 ni menyu, ya 2 hadi 4 ni mmeng'enyo wa chakula, 5 hadi 7 mzunguko wa damu, 8 na 9 upumuaji, na ya 10 ni maana ya maneno magumu.

Kwenye menyu huchorwa mistatili mitatu, mmoja kwa kila mada. Mstatili wenyewe huchaguliwa kwa kubofya ukingo wake, kisha hubonyezwa Ctrl+K, Place in This Document, na slaidi ya kwanza ya mada husika. Ukingo una maana yake: yakichaguliwa maandishi badala ya umbo, maneno hupigiwa mstari na kubadilika rangi, na sehemu ya kubofya hubaki finyu. Kiungo hushikamana na slaidi yenyewe wala si namba yake, hivyo slaidi zikipangwa upya hakipotei. Slaidi ikifutwa, kiungo hufa.

Kazi ya kufikiri iko kwenye kurudi, kwa maana vitufe vya kurudi ni vya aina mbili na wengi huvichanganya. Cha kwanza hurudisha kwenye menyu daima. Hiki huwekwa mara moja tu, ndani ya View, Slide Master, kwenye mpangilio unaotumiwa na slaidi za mada, nacho hutokea kwenye slaidi zote hizo. Cha pili hurudisha pale mtu alipotoka: Insert, Action, Hyperlink to, Last Slide Viewed. Hicho ndicho kinachofaa slaidi ya 10, maana mwanafunzi aliyekwama kwenye neno katika slaidi ya 6 atataka kurudi slaidi ya 6. Lakini maana za maneno zikienea slaidi mbili, kitufe hicho kwenye ya pili kitamrudisha kwenye ya kwanza, na cha kwanza kitamrudisha kwenye ya pili, bila kutoka. Ni bora maneno yatoshe slaidi moja.

Hatari nyingine ni kubofya pembeni ya kitufe: slaidi husonga mbele, na msomaji wa chakula hujikuta kwenye damu. Dawa yake ni Slide Show, Set Up Slide Show, Browsed at a kiosk. Hapo ni viungo tu vinavyofanya kazi, pamoja na Esc ya kutokea. Kwa hiyo ndani ya kila mada lazima kiwepo pia kitufe cha mbele chenye Next Slide, isipokuwa kwenye slaidi yake ya mwisho.

Viungo hujaribiwa katika onyesho lenyewe, kwa F5. Kila kitufe kibofywe angalau mara moja, na slaidi ya 10 ifunguliwe kutoka kila mada, kabla wasilisho halijafikishwa darasani.